Dola 300 kila mwezi bila kugusa mtaji: hesabu ya mstaafu wa Kamina

KAMINA, Haut-Lomami. Mji huu ulijengwa na reli. Hapa njia ya treni inayotoka Lubumbashi inagawanyika, moja ikielekea Ilebo na nyingine Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Kwa miongo mingi, mshahara wa kampuni ya reli, SNCC, ndio uliozungusha soko, shule na nyumba za mji. Kampuni ilipoanza kulimbikiza madeni ya mishahara, familia nyingi zilijifunza kuishi kwa kungojea fedha ambazo tarehe yake haijulikani. Na fedha hizo zikija, aghalabu huja kwa mkupuo: malimbikizo ya miaka, au kiinua mgongo cha mtu aliyefanya kazi tangu ujana.

Hapo ndipo swali moja hujitokeza, na huulizwa hasa na wazee wanaoogopa kuwa mzigo kwa watoto wao. Ukiweka fedha hizo benki, ule riba tu kila mwezi na mtaji ubaki vilevile, unahitaji kiasi gani ili uishi hivyo hadi mwisho, kisha uwaachie wajukuu mtaji mzima?

Swali hili limepata uzito mpya mwaka 2025. Mwezi Oktoba Benki Kuu ya Kongo ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 25 hadi 17.5, baada ya kasi ya kupanda kwa bei kupungua na faranga kupata nguvu ghafla mbele ya dola. Kwa anayekopa, hiyo ni habari njema. Kwa anayetaka kuishi kwa riba, maana yake ni kinyume kabisa: kila riba inaposhuka, mtaji unaohitajika unapanda.

Hesabu yenyewe ni fupi

Chukua kipato unachotaka kwa mwezi, zidisha kwa 12 upate cha mwaka, kisha gawanya kwa kiwango cha riba cha mwaka. Jibu ndilo mtaji. Tumfikirie mstaafu wa reli anayesema dola 300 kwa mwezi zinamtosha chakula, dawa na karo ya mjukuu mmoja. Kwa mwaka ni dola 3,600. Benki ikimpa asilimia 4 kwa mwaka kwenye amana ya dola, 3,600 gawanya kwa 0.04 ni dola 90,000.

Njia nyepesi zaidi ya kulikumbuka jambo hili ni kuwa na namba moja ya kuzidishia kipato cha mwezi. Kwa riba ya asilimia 4, namba hiyo ni 300. Kwa asilimia 3 ni 400, kwa asilimia 6 ni 200, na kwa asilimia 12 ni 100. Anayetaka dola 100 tu kwa mwezi, kwa riba ya asilimia 4, anahitaji dola 30,000. Anayetaka 1,000 anahitaji 300,000. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hii, na mtu anayeahidi matokeo bora zaidi anaahidi riba kubwa zaidi hata kama neno riba hatalitaja.

Tuiweke hesabu hiyo mbele ya jambo ambalo Katanga yote inalikumbuka. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya shaba iliyokuwa baba na mama wa mkoa, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Jumla iliyolipwa ilikuwa takriban dola milioni 43. Kila mtu alipata kulingana na cheo na miaka yake kazini, lakini wastani ulikuwa kama dola 4,000. Wengi walikuwa wameitumikia kampuni kwa zaidi ya miaka 25.

Miaka iliyofuata walilaumiwa sana. Ikasemwa walikula fedha, walinunua televisheni, walioa wake wa pili. Lawama hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni hesabu. Dola 4,000 kwa riba ya asilimia 4 ni dola 160 kwa mwaka, yaani dola 13 na senti kidogo kwa mwezi. Hata mzee mwenye nidhamu kuliko wote Likasi, aliyeipeleka benki kila senti siku ileile, asingeweza kununua gunia la unga wa kila mwezi kwa riba hiyo. Kwake kutumia mtaji hakukuwa utovu wa busara. Ilikuwa njia pekee ya kupata chochote kutoka kwenye fedha ile, na tofauti pekee kati ya jirani na jirani ilikuwa kwamba mmoja aliutumia kununua mashine ya kusaga na mwingine aliutumia kulipa madeni.

Kwa nini 25 ya Benki Kuu haifiki kwa mweka amana

Wengi waliposikia kuwa riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 25 walijiuliza kwa nini benki za biashara zinawapa asilimia tatu au nne. Riba ya msingi ni ile ambayo Benki Kuu inaitoza benki inayokwenda kwake kukopa faranga. Inahusu faranga, na inahusu benki zenye uhaba wa faranga. Nchini Kongo, karibu amana zote za benki, takriban tisa katika kila kumi, ziko katika dola. Fedha hizo nyingi ni za makampuni na mashirika, zinaingia na kutoka, na wenyewe hawadai riba yoyote. Benki yenye dola za bure za kampuni ya madini haina haraka ya kumbembeleza mstaafu wa Kamina kwa asilimia nane.

Kwa hiyo mstaafu anabaki na milango mitatu. Wa kwanza ni amana ya muda maalumu ya dola, yenye riba ndogo. Wa pili ni amana ya faranga, yenye riba kubwa zaidi machoni. Wa tatu ni dhamana za Hazina, ambazo serikali ilianza kuziuza mwaka 2019 kwa faranga, na baadaye ikaongeza zile za dola. Kila mlango una gharama yake isiyoandikwa mlangoni.

Mlango wa faranga

Huu ndio unaovutia kwa sababu namba yake ni kubwa. Tuseme mwishoni mwa 2022, dola moja ilipokuwa inauzwa kwa takriban faranga 2,000, mtu alikuwa na dola 20,000. Akazibadili zikawa faranga milioni 40, akaziweka kwa asilimia 15 kwa mwaka. Riba yake ni faranga milioni 6, yaani 500,000 kila mwezi. Kwa kiwango cha siku ile, hiyo ni sawa na dola 250 kwa mwezi kutoka mtaji wa dola 20,000. Kwenye amana ya dola angehitaji 75,000 kupata kiasi hicho.

Mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa imefika takriban faranga 2,670. Faranga milioni 40 zilizokuwa bado ziko benki, zikiwa kamili na hazijaguswa, sasa zilikuwa na thamani ya dola 15,000 hivi. Mtaji ulipungua dola 5,000 ukiwa umekaa. Riba yote ya mwaka, hata kwa kuihesabu kwa kiwango cha mwisho wa mwaka, ilikuwa kama dola 2,250. Aliyedhani anakula riba, kumbe alikuwa anakula mtaji, tena bila kujua, maana kitabu cha benki kiliendelea kuonyesha milioni 40 zilezile.

Bei sokoni zilisema jambo hilohilo. Mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini ulizidi asilimia 20. Riba ya asilimia 15 ikikutana na bei zinazopanda kwa zaidi ya 20, hakuna mtaji unaotosha. Si milioni 40, si milioni 400. Mtu anaweza kuongeza mtaji ili apate kipato kikubwa mwaka wa kwanza, lakini hawezi kuongeza mtaji hadi kipato hicho kiwe cha kudumu, kwa sababu kila mwaka kitanunua kidogo kuliko mwaka uliopita.

Wazee wa Kamina hawahitaji kusomewa nadharia hapa. Walioweka akiba wakati wa Mobutu waliona mwaka 1993 zaire milioni tatu zikigeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuzwa kuwa faranga moja ya Kongo. Mtu aliyekuwa na zaire bilioni tatu za zamani benki, akakaa bila kuzigusa kupita mabadiliko yote mawili, aliishia na senti moja ya faranga. Hakutoa hata zaire moja ya mtaji wake.

Mlango wa dola, na mtego wake

Baada ya hayo, haishangazi kwamba watu wanaamini dola. Ila dola nayo haisimami. Bei za Marekani zilipanda kwa takriban asilimia 8 mwaka 2022. Hata katika miaka ya kawaida bei hupanda kama asilimia mbili hivi kwa mwaka, na vitu vingi vinavyouzwa Kamina hufika kwa treni au lori kutoka Lubumbashi vikiwa vimeshalipiwa kwa dola. Dola 300 za leo hazitanunua kilekile baada ya miaka 20. Kwa bei zinazopanda asilimia 2 kila mwaka, zitanunua kile ambacho dola 200 zinanunua sasa.

Kwa hiyo neno “milele” linabadilisha hesabu. Anayetaka dola 300 zenye nguvu ileile ya kununua kila mwaka hapaswi kula riba yote. Anapaswa kurudisha sehemu yake kwenye mtaji ili mtaji ukue sambamba na bei. Badala ya kugawanya kwa riba, anagawanya kwa kile kinachobaki baada ya kutoa mfumuko wa bei kwenye riba. Riba asilimia 4, bei asilimia 2, kinachobaki ni 2. Mgawanye 3,600 kwa 0.02 upate dola 180,000. Ni mara mbili ya hesabu ya mwanzo.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Mwaka wa kwanza dola 180,000 zinazaa 7,200. Mstaafu anachukua 3,600 na kuacha 3,600 nyingine. Mtaji unakuwa 183,600, umepanda asilimia 2 kama bei. Mwaka wa pili unazaa 7,344. Anachukua 3,672, yaani dola 306 kwa mwezi badala ya 300, na kuacha nusu nyingine. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kipato kinapanda polepole na bei, mtaji nao unapanda, na hakuna mwaka wa mwisho. Hayo ndiyo maana halisi ya kuishi bila kugusa mtaji. Yule mwenye 90,000 anayekula riba yote hagusi noti za mtaji, ila anaugusa uwezo wake wa kununua kidogo kidogo kila mwaka.

Kisha kuna jambo ambalo mwaka 2025 limewafundisha watu kwa uchungu. Faranga ilipopata nguvu kuelekea mwisho wa mwaka, dola iliyokuwa inabadilishwa kwa kama faranga 2,800 ilishuka hadi karibu 2,300. Mwenye dola 300 za mwezi alikuwa anapata faranga 840,000, na sasa akawa anapata 690,000. Bei za unga na mafuta hazikushuka kwa kasi hiyo. Samaki wa Bukama na mahindi ya mashamba ya jirani huuzwa kwa faranga, na muuzaji hakuona sababu ya kupunguza bei kwa sababu tu dola imeanguka Kinshasa. Aliyeweka fedha zake zote kwa dola akijikinga na faranga aligundua kwamba hatari ina pande mbili. Hili halifanyi dola kuwa chaguo baya kwa mtaji wa muda mrefu. Linaonyesha tu kwamba mtu anayenunua sokoni kwa faranga anahitaji akiba ya miezi kadhaa ya matumizi katika faranga, nje ya mtaji.

Mlango wa Hazina

Dhamana za dola za serikali zimekuwa zikilipa takriban asilimia 9 kwa mwaka. Kwa riba hiyo, dola 300 za mwezi zinahitaji mtaji wa 40,000 tu. Hata ukitoa asilimia 2 ya bei na kugawanya kwa 7, unahitaji dola 51,500 hivi, chini ya theluthi moja ya zile 180,000. Mtu binafsi hununua kupitia benki inayoshiriki katika mnada.

Tofauti ya tano kati ya 4 na 9 si zawadi. Ni malipo ya hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba mdaiwa ni serikali, na wafanyakazi wa SNCC, ambayo ni kampuni ya serikali hiyohiyo, wanajua kungoja malipo ni nini. Ya pili haizungumzwi sana lakini kwa mstaafu ni kubwa zaidi: dhamana hizi ni za muda mfupi, za mwaka, miaka miwili, mitatu. Zikiiva, mtaji unarudi na lazima uwekezwe upya kwa riba ya siku hiyo. Serikali ikifaulu kutuliza uchumi, riba itashuka. Ikishuka kutoka 9 hadi 6, dola 40,000 zilizokuwa zinatoa 300 kwa mwezi zitatoa 200. Kwa maneno mengine, mstaafu huyu amefunga kipato chake kwa miaka miwili, si milele. Mafanikio ya Benki Kuu dhidi ya mfumuko wa bei ni upungufu kwenye bahasha yake.

Ng’ambo ya ziwa mambo ni tofauti kidogo. Tanzania inauza hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, kwa hiyo mtu anaweza kufunga riba yake kwa robo karne, ingawa ni kwa shilingi na si dola. Nayo kampuni ya umma ya UTT AMIS ina mifuko inayomlipa mwekezaji mdogo gawio kwa vipindi. Kenya ilijaribu mwaka 2017 kuuza hati fungani kwa simu, M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000. Mstaafu wa Kamina hana kitu cha muda mrefu namna hiyo kwa sarafu anayoiamini, na huo ndio upungufu mkubwa wa soko la Kongo kwa mtu wa aina yake. Ana riba ya kuaminika isiyotosha, au riba inayotosha isiyo na muda.

Mwezi kwa mwezi

Kuna kikwazo cha utaratibu ambacho watu hukigundua wakiwa wameshasaini. Amana ya muda maalumu mara nyingi hulipa riba mwishoni mwa muda, si kila mwezi. Mwenye dola 90,000 akiziweka zote kwa mwaka mmoja siku moja, atapata dola 3,600 baada ya miezi 12 na hana kitu katikati. Akivunja amana mapema, hupoteza riba yote au sehemu kubwa.

Dawa yake ni kuugawa mtaji mafungu 12 ya dola 7,500, kila fungu likiiva mwezi wake. Fungu la Januari kwa asilimia 4 linazaa dola 300 hasa. Anazichukua, anarudisha 7,500 kwa mwaka mwingine, na mwezi wa pili fungu la Februari linaiva. Tatizo ni mwaka wa kuanzia, kwa sababu mafungu bado hayajaiva. Anaweza kuweka la kwanza kwa mwezi mmoja, la pili kwa miezi miwili na kuendelea, lakini muda mfupi hulipa riba ndogo, hivyo mwaka huo hatapata 300 kamili. Njia salama ni kutenga dola 3,600 za matumizi ya mwaka wa kwanza nje ya zile 90,000. Faida nyingine ya mafungu ni kwamba ugonjwa ukiingia nyumbani, anavunja fungu moja na kupoteza riba ya fungu hilo peke yake.

Kiwango cha kuingiza kwenye hesabu, tena, ni kile kinachomfikia mkononi baada ya kodi, ada ya akaunti na gharama ya kutoa fedha. Kwenye dola 300, ada ya dola 10 kwa mwezi ni sawa na kudai mtaji zaidi wa 3,000. Swali la kumuuliza mhudumu wa benki ni moja tu: nikiweka dola 7,500 leo, baada ya mwaka nitahesabiwa dola ngapi mezani? Jibu likiwa 7,770 badala ya 7,800, riba yake si 4, ni 3.6, na mtaji unaohitajika umekuwa 100,000.

Na mtaji wenyewe lazima ubaki. Mwaka 2016 BIAC, moja ya benki kubwa za nchi wakati huo, ilikosa fedha, na wateja wake wakawekewa kikomo cha kiasi wanachoweza kutoa. Mafungu 12 yanaweza kukaa katika benki mbili au tatu bila kubadilisha chochote katika hesabu.

Zile asilimia za mtaani

Mbele ya namba kama 90,000 na 180,000, si ajabu kwamba watu hugeukia njia nyingine. Ya kwanza ni kukopesha mtaani, kile ambacho Wakongomani hukiita Banque Lambert. Mkopeshaji hudai asilimia 30, pengine 50, kwa mwezi mmoja. Kwenye karatasi, dola 1,000 zinatosha kuishi.

Tuchukue hata riba ya upole ya asilimia 10 kwa mwezi. Mstaafu anawakopesha watu kumi dola 100 kila mmoja. Wote wakilipa anapata 1,100. Mmoja akihama mji usiku, tisa wanalipa 110 kila mmoja, jumla 990. Mtu mmoja kati ya kumi ameshakula faida yote na dola 10 za mtaji. Kadiri riba inavyokuwa kubwa ndivyo wanaokubali kuichukua wanavyokuwa wale walioshindwa kila mahali pengine, na kudai deni ni kazi ya kutwa yenye ugomvi. Hicho ni kipato cha kazi, na kazi ngumu kwa mtu wa miaka 65.

Likelemba ya akina mama sokoni ni jambo tofauti na mara nyingine huchanganywa na hili. Haizai riba. Kila mmoja anachangia na kwa zamu anapokea mkupuo. Inasaidia kukusanya mtaji, haiwezi kuulisha mtu kutoka kwenye mtaji.

Njia ya tatu ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu inajifanya kuwa hesabu hiihii. Kati ya 1990 na 1991, Bindo Promotion na wenzake wa Kinshasa waliwaahidi watu kuzidisha fedha zao mara kadhaa kwa wiki chache. Wa mwanzo walilipwa kweli, kwa fedha za waliofuata. Foleni zikarefuka, watu wakauza nyumba na magari, kisha mwaka 1991 malipo yakakauka. Mitandao ya simu ya siku hizi inarudia mchezo huo kwa majina mapya, na dalili yake inaonekana kwa ile namba ya kuzidishia. Anayeahidi dola 300 kwa mwezi kwa kuweka dola 1,000 anaahidi asilimia 360 kwa mwaka. Serikali inayolipa 9 ingekuwa imemkopa yeye zamani.

Bei ya neno “milele”

Kabla ya kukata tamaa, mstaafu anaweza kuuliza swali jingine: ni lazima iwe milele? Mtu wa miaka 65 anayetaka dola 300 kwa mwezi kwa miaka 20, kwa riba ileile ya asilimia 4, akikubali kwamba mwisho wa miaka hiyo mtaji umekwisha, anahitaji takriban dola 49,500. Kula riba pekee kulidai 90,000. Tofauti ya dola 40,500 ni urithi wa wajukuu, na ni vema familia ijue kwamba hiyo ndiyo inayolipiwa.

Njia hii ina hatari yake: akifika miaka 85 akiwa mzima, fedha imekwisha. Hesabu hiyo ya 49,500 pia haijaweka nyongeza ya bei, kwa hiyo dola 300 za mwaka wa ishirini zitakuwa nyembamba. Lakini kwa mtu mwenye dola 50,000, kulazimisha hesabu ya milele kunampa dola 167 kwa mwezi na njaa, huku hesabu ya miaka 20 ikimpa 300.

Kwa mwenye kiasi kidogo zaidi, tuseme dola 12,000 za malimbikizo, riba ya asilimia 4 ni dola 40 kwa mwezi. Huyo hana uchaguzi wa kuishi kwa riba, na familia nyingi za reli ziko karibu na namba hii au chini yake. Wengi hapa hununua mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini na kuyauza miezi ya uhaba, au hujenga vyumba viwili vya kupangisha uani. Vyote viwili vinaweza kuzaa zaidi ya asilimia 4. Mahindi huliwa na wadudu na hungoja behewa ambalo haliji, na chumba hukaa bila mpangaji. Mwenye 12,000 anayegawa, nusu kwenye vyumba na nusu kwenye mafungu ya benki, anapata dola 20 za riba kwa mwezi kutoka nusu ile ya benki. Dola hizo 20 zinatosha kununua dawa za presha mpangaji anapochelewa kulipa.